Naombeni ushauri: methali za bibi kwa Kihispania, msahihishaji mmoja anataka neno kwa neno, mwingine anataka methali zao

Mtoto_wa_Pangani

Habari za leo wakuu. Nina kazi imenikwamisha, naomba wenye uzoefu wa Kihispania mnisaidie. Ni simulizi za bibi mmoja wa Pangani, mtu mzima sana, wajukuu zake walimrekodi na sasa wanataka kijitabu cha kusomwa Uhispania, ambako baadhi yao wameoa na kuolewa. Masimulizi yenyewe hayanipi shida. Shida ni kwamba bibi hamalizi sentensi tatu hajapiga methali.

Wasahihishaji ni wawili na hawaelewani. Mmoja anataka nitafsiri neno kwa neno, halafu niweke maelezo chini ya ukurasa. Wa pili anasema nitupe zote, niweke methali za Kihispania zenye maana hiyohiyo. Nikimsikiliza wa kwanza, maelezo yanakuwa marefu kuliko hadithi. Nikimsikiliza wa pili, bibi wa Pangani anageuka bibi wa Kastilia.

Zinazonitesa zaidi ni hizi: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", "Usipoziba ufa utajenga ukuta" na "Mtaka cha mvunguni sharti ainame". Mngefanyaje?

Kalamu_Tupu

Mkuu, mbona jambo jepesi. Kila methali ina pacha wake, kazi yako ni kumtafuta tu. Wahispania nao ni watu wa methali kama sisi. Kwa mfano "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", wao wanasema "Quien no oye consejo, no llega a viejo". Asiyesikia ushauri hafiki uzeeni. Kuna kina na vina, unataka nini tena?

Hiyo ya mgeni iko wazi: "El huésped y el pez, a los tres días hieden". Mgeni na samaki, siku ya tatu wananuka. Siku tatu kwa siku tatu. Ya ufa: "Quien no adoba gotera, adoba casa entera". Asiyeziba paa linapovuja hutengeneza nyumba nzima. Ya mvunguni: "Quien quiera peces, que se moje el culo". Umemaliza, kadai hela yako.

Nungwi_Gaidi

😂😂 Kalamu, hiyo ya mwisho mimi nimeisikia kwa wageni wangu kwenye boti. Anayetaka samaki alowane matako. Sasa umwekee bibi mdomoni!

Mimi naongoza watalii Zanzibar, Wahispania nawapata sana miezi ya Julai na Agosti. Ninachofanya, naisema kwanza kwa Kiswahili, "haraka haraka haina baraka", wanaicheka mlio wake, halafu ndiyo nawaeleza. Wanaipenda hivyohivyo. Kwa hiyo iache kwa Kiswahili tu. Halafu swali la pembeni: kuna mtu anajua nitasemaje kwa Kihispania maandishi ya kwenye kanga? Kuna mama ana duka Paje, wateja kila siku wanamuuliza.

ShangaziValencia

Nawasalimu wote. Mimi ni wa Mombasa, niko Valencia, kazi yangu ni hii ya kufasiri. Nungwi, la kanga ni uzi wake kabisa, maana maneno ya kanga yanategemea nani kampa nani. Na wewe pale una mdomo, mikono na mgeni anayekutazama. Msomaji wa kitabu ana karatasi tu.

Mtoto wa Pangani, kabla hujatafuta neno lolote la Kihispania, hebu tuambie bibi alikuwa anamwambia nani, na baada ya methali likafuata nini. Hasa hizo mbili za mwanzo. Methali haina maana moja ya kudumu. Ina kazi inayofanya pale ilipotamkwa.

Mtoto_wa_Pangani

Asante shangazi, shikamoo. Ya mgeni: mpwa wake alitoka Dar akaja kukaa kwake, wiki zikapita, kijana anakula na kulala. Bibi akampigia hiyo methali mbele ya watu sebuleni. Aya inayofuata anampa kipande cha shamba la minazi akisafishe, na mwisho kijana anaoa hukohuko Pangani.

Ya ufa: ni ugomvi wa kaka wawili juu ya mirathi. Bibi anasema "usipoziba ufa utajenga ukuta", na mume wake anajibu, "Ukuta gani tena, si umeshalala chini?"

ShangaziValencia

Marahaba mwanangu. Basi umeshajijibu nusu.

Tuanze na mgeni. Hao mapacha wa Kalamu wanafanana sura tu, kwa sababu ya hizo siku tatu. Methali ya samaki inamfukuza mgeni: ameoza, aondoke. Ya kwetu haimfukuzi, inamwingiza ndani. Jembe ndilo linalomfanya awe mtu wa nyumba hiyo. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kwa maana hiyohiyo, kwamba katika jamii yetu ya zamani kila mtu alifanya kazi, hata mgeni. Sasa ukiweka samaki anayenuka, msomaji wa Kihispania atamwona bibi mwenye roho mbaya anayemtimua mtoto wa ndugu yake. Aya inayofuata bibi huyohuyo anampa shamba, msomaji atadhani kuna ukurasa umeruka.

Mimi ningelilinda jembe, kisha nitengeneze sentensi iwe na umbo la methali ya Kihispania: "Huésped, dos días, al tercero, la azada". Tazama haina kitenzi. Methali zao nyingi hukata hivyo, na sikio la Mhispania likisikia sentensi fupi iliyogawanyika katikati linajua hapa pamepigwa methali hata kama hajaisikia maishani. Ukiandika kwa kirefu, "Un invitado es invitado durante dos días, pero el tercer día hay que darle una azada", maneno yote yapo, ila bibi anasikika kama karatasi ya masharti ya hoteli.

Kalamu_Tupu

Sawa la samaki nimelipata. Lakini hiyo yako shangazi haina vina. Je, "Dos jornadas de huésped, a la tercera, la azada"? Jornadas na azada zinalingana.

ShangaziValencia

Ina mlio mzuri, siipingi. Tatizo ni kwamba jornada leo msomaji anaisoma haraka kama siku ya kazi, zamu. Mgeni atakuwa ameshika zamu tangu siku ya kwanza, na utani wote wa bibi umekufa.

Ya ufa sasa. Hapa Kalamu yuko sahihi kimaana, methali ya gotera inafanya kazi ileile: dogo usipolitengeneza litakuwa kubwa. Ina kasoro ndogo, "adobar" kwa maana ya kukarabati imezeeka, kijana wa leo atafikiria nyama iliyotiwa viungo. Wapo wanaosema "repara" badala yake, na hapo inakaa vizuri.

Lakini mume wake bibi amejibu kwa kuutaja ukuta! Ukishabadilisha ufa kuwa paa linalovuja, jibu la babu linaning'inia hewani. Kwa hiyo kila mara soma sentensi mbili zinazofuata. Kama taswira inaendelea kutembea, usiiguse. Ningeandika "Quien no tapa grieta, levanta pared", bila "la" mbele ya grieta wala pared, maana methali zao huviacha hivyo vijineno. Babu naye: "¿Qué pared, si ya está en el suelo?" Inaendelea bila maelezo ya chini. Kama bibi angeisema peke yake na hakuna aliyeijibu, ningechukua gotera bila wasiwasi.

Mwanahekima_Lamu

Naomba kutofautiana kidogo. Mnavyozikatakata na kuzipa umbo la Kihispania, msomaji atajuaje kwamba hii ni kauli ya wahenga na si maneno ya bibi mwenyewe aliyoyatunga asubuhi ile? Uzito wa methali ni kwamba imeshasemwa na watu kabla yako. Mimi niko na msahihishaji wa kwanza: weka maneno yetu kama yalivyo, na maelezo chini.

ShangaziValencia

Hoja yako nzito, na sina jibu la kuimaliza. Ninachofanya mimi ni kumpa bibi maneno mawili ya kuitanguliza, "ya decían los viejos", yaani wazee walishasema, mara moja moja, si kila methali. Ukiyarudia kila ukurasa yanachosha. Neno kwa neno nako kunahitaji mtu anayelijua neno. Nimeshaona "Mchumia juani hulia kivulini" imefasiriwa "llora a la sombra". Mtu kahangaika juani, malipo yake analia kivulini! Ile hulia ni ya kula: "Quien gana al sol, come a la sombra".

Mtoto_wa_Pangani

Nimecheka peke yangu. Na ya mvunguni shangazi? Hapo bibi anamwambia mjukuu wa kike anayetaka kusomea uuguzi, na hakuna anayejibu.

ShangaziValencia

Hapo taswira haitembei, kwa hiyo una uhuru. Ya Kalamu ya kulowa matako wanaisema kweli, tena bila aibu mezani, ila bibi wa Pangani mbele ya mjukuu hawezi kuitamka. Kwa heshima yake chukua "El que algo quiere, algo le cuesta", anayetaka kitu lazima kimgharimu. Iko pia "El que quiera azul celeste, que le cueste", nzuri sana, lakini hiyo ni ya Meksiko na nchi jirani zake. Kitabu chako kinasomwa Uhispania, bibi atatokea na lafudhi ya watu wengine.

Unachopoteza ni kule kuinama. Kama kuna nafasi, "Quien busca bajo la cama, que se agache" nayo inasomeka. Mvungu ni chini ya kitanda, kwa hiyo hujamzulia kitu.

Nungwi_Gaidi

Hiyo ya kitanda usiwasomee wageni wangu, watacheka kwa sababu nyingine kabisa 😂

ShangaziValencia

Hahaha, kweli hilo sikulifikiria. Basi algo le cuesta.

Mtoto_wa_Pangani

Asanteni sana. Ya mgeni na ya ufa nachukua kama alivyoshauri shangazi. Imebaki moja, bibi anafungia nayo sura ya mume wake aliyekuwa baharia: "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Tezi, nyuma ya chombo, ni popa, na omo, mbele yake, ni proa, hizo ninazo. Ngama nimepata "sentina", lakini kamusi inasema pia ni mahali pa uchafu na maovu.

Mwanahekima_Lamu

Ngama si mahali pa maovu kijana. Ndipo maji ya chombo yanapokusanyika, na mtu anashuka kuyakumba. Baharia akizunguka mbele na nyuma, ipo siku atarudi pale.

ShangaziValencia

"Bodega" basi, tumbo la chombo, kwa sababu popa na proa zimeshamwambia msomaji tuko chomboni. Ingawa Mhispania akisikia bodega peke yake anawaza mapipa ya divai, na marehemu sidhani kama alikuwa mtu wa hayo. Wengine mnasemaje?