Mjadala: Takwimu za gumzo mtandaoni zibanwe na sheria kama kura za maoni?

Mtayarishaji wa redio, Nakuru: Jamani, naombeni maoni yenu. Wakati wa kampeni tunaletewa michoro: mgombea fulani ana asilimia 50 ya gumzo, mpinzani wake 30, na hisia kwake ni nzuri. Tunaisoma hewani, wasikilizaji wanaelewa kwamba huyo ndiye anayeongoza. Je, hizo takwimu zibanwe na sheria ile ya kura za maoni, au tuziache zilivyo?

Mzee wa Machakos: Mimi nasema kura za maoni zipigwe marufuku kabisa. Mwaka 2022 sikupigiwa simu hata mara moja, wala jirani yangu yeyote. Wanamuuliza nani?

Mchambuzi, Nairobi: Shikamoo mzee. Unayosema ni ya wale wanaouliza watu kwa simu au ana kwa ana. Hao angalau Sheria ya mwaka 2012 inawalazimisha kusema nani amelipa, wamehoji watu wangapi na kosa linaweza kufika wapi. Huku tunakozungumzia hakuna anayeulizwa kitu. Kompyuta inakusanya machapisho yenye jina la mgombea, inahesabu, kisha inagawanya kwa jumla ya machapisho ya wagombea wote uliowachagua.

Hapo kwa "uliowachagua" ndipo pa kuanzia. Mwaka 2022 wagombea urais walikuwa wanne. Profesa Wajackoyah na ahadi zake za bangi, nyoka na fisi alizungumzwa kila mahali. Ukimweka kwenye hesabu, anakula gumzo la William Ruto na Raila Odinga. Ukimtoa, asilimia zao zinapanda papo hapo bila mtu yeyote kuandika neno jipya. Na siku ya kutangazwa matokeo, Wajackoyah alikuwa na kura 61,969, chini ya nusu ya asilimia moja, wakati Ruto alipata 7,176,141 na Raila 6,942,930. Watu walimzungumzia kwa kuwa alisisimua, si kwa kuwa walitaka kumpigia. Ndiyo maana mchoro wa gumzo usiitwe "nani anaongoza".

Kijana wa Eldoret: Tatizo ni roboti tu. Ondoa akaunti za roboti, kinachobaki ni sauti ya wananchi. Programu za kuzitambua zipo.

Mchambuzi, Nairobi: Umepata nusu, ndugu yangu. Roboti wapo, lakini hapa kwetu kazi kubwa inafanywa na watu wenye damu na nyama. Ripoti ya Mozilla ya Septemba 2021 ilieleza vijana Wakenya wanaopewa maagizo kwenye makundi ya WhatsApp na kulipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni moja. Mtu wa namna hiyo ana picha yake halisi, marafiki halisi, na kesho anaandika kuhusu Gor Mahia. Programu ya roboti itampitisha.

Mimi huwatambua kwa saa na kwa maneno. Gumzo la kweli huanza baada ya jambo kutokea, hupanda, na kila mtu analisema kwa mdomo wake. La kukodi huanza ghafla, mara nyingi bila tukio lolote, na maneno ni yale yale. Niliwahi kukuta machapisho zaidi ya 40 yenye "tuko tayri", ile *a* imeanguka kwa wote. Walinakili ujumbe mmoja kutoka kwenye kundi.

Sasa tuangalie hesabu inavyogeuka. Tuseme wiki moja kuna machapisho 10,000: A ana 5,000, B 3,000, C 2,000. Hiyo ndiyo 50, 30, 20 uliyoletewa. Unafuta nakala na machapisho yaliyorudishwa bila neno jipya. A anabaki na 1,400, B 1,500, C 1,100. Jumla 4,000, na sasa A ana asilimia 35, B 37 na nusu. Mchoro umegeuka, na hakuna aliyedanganya mahali popote. Kila mmoja amehesabu kitu tofauti.

Mtayarishaji wa redio, Nakuru: Na hisia je? Wanasema asilimia 60 ni chanya.

Mchambuzi, Nairobi: Ukinipa hiyo 60, swali langu la kwanza ni: nani amesoma? Mwaka 2022 unga ulipopita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili, watu waliandika mambo kama "asante sana kwa unga wa bei hii, Mungu awazidishie". Mashine inaona *asante*, inaona *Mungu*, inaweka chanya. Sheng ndiyo inaivuruga zaidi, maana "huyu jamaa ni noma" inaweza kuwa sifa au lawama. Halafu kuna hii: "Baba sina shida naye, shida ni wale wamemzunguka." Hisia hapo ni mbaya, lakini si kwa Raila.

Nifanyavyo mimi: nachukua machapisho 300 kwa bahati nasibu, watu wawili wanayasoma kila mmoja peke yake bila kuonana, kisha nalinganisha. Wakitofautiana kwenye moja kati ya manne, basi mabadiliko ya pointi 5 kutoka wiki jana hayana maana yoyote. Hata wakikubaliana kila mahali, kwa sampuli ya 300 kosa lenyewe ni kama pointi 6 juu au chini. Michoro mingi unayoletewa inashangilia pointi 3.

Mama Sabuni, Likoni: Mimi siasa siziwezi, lakini haya yamenikuta. Ramadhani iliyopita nilimlipa kijana anitangazie sabuni yangu ya maji. Akaniletea ripoti: nina asilimia 60 ya gumzo, nimewapita washindani wangu wawili, hisia nzuri. Mauzo yakakaa palepale. Nikakaa nikasoma maoni mwenyewe usiku mzima. Sifa nyingi zilikuwa za marafiki zangu na mashemeji. Na yale ya "bei?" na "Kisauni mnaleta?" kayaweka kundi la wasio na hisia! Mwanangu, anayeuliza bei ndiye mteja.

Mchambuzi, Nairobi: Mama, umegusa penyewe. Kwa biashara ningeyatenga yale ya "bei?" yakae kundi lake na ningeyahesabu kabla ya sifa. Na yule mshindani wako huenda oda zake zote zinaingia WhatsApp, ambako hakuna kompyuta inayosoma.

Kijana wa Eldoret: Sawa, nimekubali kuhusu vijana wa kukodi. Lakini sheria bado sikubali. Kampuni ya kura za maoni ina ofisi, unaijua. Mchoro wa gumzo unatengenezwa na mtu yeyote mwenye laptopu. Utamshtaki nani? Utaishia kuwafunga mdomo wanafunzi.

Mchambuzi, Nairobi: Hapo hata mimi sina jibu kamili. Ningeanza na vyombo vya habari badala ya mtengenezaji: redio isisome mchoro usiosema nani amelipa, wagombea gani wamehesabiwa, nakala zimefutwa au la, na nani amesoma hisia.

Mzee wa Machakos: Na wasiokuwa na simu ya intaneti je? Huku kwetu wengi tuna kabambe. Hizo hesabu zako zote, sisi hatumo.

Mchambuzi, Nairobi: Kweli mzee, hamumo, na hakuna kufuta nakala kutakakowaingiza.

Mtayarishaji wa redio, Nakuru: Ijumaa kuna mchoro mwingine unakuja. Nimeshawaandikia hayo maswali manne. Wamejibu la kwanza tu.