Kajipepea na barua yangu ya rufaa! Yaani barua YANGU

Mzee wa Godoro
Wakuu sina hata salamu, nimetoka pale sasa hivi mikono bado inatetemeka ndo maana naandika hovyo. Ile kampuni ya bima mnaijua, siitaji jina, ile ya tangazo la familia inacheka kwenye kochi jeupe utadhani hawajawahi kukataliwa kitu. Leo nimepeleka barua ya rufaa, barua niliyoikalia siku tatu, yule kijana wa dirisha la madai kaipokea, hajaifungua, kaikunja mara mbili, KAJIPEPEA NAYO. Anajipepea huku ananiambia "mzee bomba lako limekufa kwa uzee tu, na uzee hauna bima".

Kwa wasiojua mkasa wenyewe, bomba linalopeleka maji kwenye tanki la juu ya dari lilipasuka usiku wa manane tumelala, dari la jipsamu likashuka lote, godoro likanywa maji kama ngamia, tivii ikafa, kabati likavimba milango haifungi mpaka leo. Nina bima ya nyumba na vyombo, nimelipa miaka sijawahi kudai hata kijiko. Klemu nimepeleka kesho yake asubuhi, asesa, yule mthamini wao wa hasara, kaja kakaa dakika tano, wiki mbili baadaye naletewa barua ya mstari mmoja eti "hasara imetokana na uchakavu, rejea kipengele 4(c)".

Mimi nikafungua polisi yangu, ule mkataba wa bima, nikasoma yote, na herufi zile za sisimizi. Kipengele 2(e) kimeandikwa wazi kwamba wanafidia "hasara itokanayo na kupasuka au kufurika kwa matanki, mabomba na vifaa vya maji". KUPASUKA. MABOMBA. Sasa wanataka lipasuke vipi, lipige na ngoma? Hicho ndo nimekiandika kwenye barua, kurasa nne, na yule mtoto kajipepea nayo. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake jamani. Feni ilikuwepo!!

Dada Mkweli
Kurasa nne mkuu? Hiyo siyo barua hiyo ni kipepeo halali, kijana hana kosa 😂

Kibanda cha Pembeni
Nimevuta kiti. Ila hapo kwenye feni kuwepo ndo nimelia.

Fundi Koki
Mzee hilo bomba lilipasuka au lilikuwa linavuja? Naomba nieleweshe maana hivyo ni vitu viwili. Likipasuka kwa presha unakuta mpasuko mrefu umefuata urefu wa bomba, kingo zake safi, zinang'aa. Likivuja taratibu unakuta kwenye maungio kuna ukoko mweupe, na dari limechora duara za njano, duara ndani ya duara, kama mtu ameweka kikombe kilichomwagika miezi sita. Mbao za juu zinakuwa laini unazichoma kwa kidole. Mimi nikipanda darini dakika moja nshajua.

Mzee wa Godoro
Duara hakuna, dari lilikuwa jeupe, nililipaka rangi mwenyewe. Mpasuko mrefu kama kiganja. Ila ndugu zangu mbona mnaniuliza bomba, mimi nazungumzia KUJIPEPEA.

Karani Mstaafu
Nimekaa meza ya madai miaka mingi, upande ule ule wa dirisha unaoutukana, kwa hiyo vumilia kidogo mzee wangu. Kijana kakosa adabu, hilo halina mjadala. Lakini na barua yako, kwa ulivyoisimulia, ina pengo. Wao wamekataa kwa 4(c), wewe umejibu kwa 2(e). Mnapishana. Wameshakubali kimyakimya kwamba bomba lilipasuka, wanachosema ni kwamba kuna kinachotolewa nje. Sasa hicho 4(c) umekisoma mpaka mwisho? Siyo kichwa chake, maneno yake. Hebu kiandike hapa neno kwa neno.

Mzee wa Godoro
Nimevaa miwani. "Kampuni haitafidia gharama ya kutengeneza au kubadilisha kitu chochote kilichoharibika kwa sababu ya kuchakaa, kutu, au kuharibika taratibu, isipokuwa sharti hili halitahusu hasara nyingine iliyosababishwa na tukio linalofidiwa chini ya Kipengele 2."
Imeishia hapo.

Karani Mstaafu
Ndo rufaa yako yote hiyo, imelala baada ya mkato wa mwisho. Soma tena taratibu. Kinachotolewa nje ni kitu chenyewe kilichochakaa, yaani bomba. Hata tukubali bomba lilikuwa zee kuliko wewe, wanachokunyima ni bei ya bomba. Dari, godoro, tivii na kabati havikuchakaa, vimeloweshwa na maji ya tukio ambalo 2(e) kinalitaja kwa jina. Neno "isipokuwa" linavirudisha ndani. Polisi nyingi zina mkia kama huo na watu wengi hawaufikii kwa sababu barua ya kukataa inanukuu namba tu bila maneno.

Dada Mkweli
Kwa hiyo kurasa nne hazikuwa na hicho kipande?

Mzee wa Godoro
Ukurasa wa pili wote nilieleza historia yangu ya uaminifu. Wa tatu nilimzungumzia asesa.

Dada Mkweli
Kijana aendelee kujipepea.

Wakili wa Mtaa
Haina haja ya yote hayo. Sheria ya bima inasema maneno yakiwa na utata yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika, na kampuni ndo imeandika. Andika mstari huo mmoja wanalipa siku hiyo hiyo.

Karani Mstaafu
Kanuni ipo ndugu wakili, ila inakuja pale maneno yanapobeba maana mbili kweli. Hapa hayana utata, yanamuunga mkono mzee waziwazi. Ukianza kulia utata unawafungulia mlango wa kubishania maana, na wao wanapenda sana hapo. Nguvu yake ni nyingine, kwamba mteja akishaonyesha hasara imeingia kwenye kinga, kawaida anayetaka kuitoa nje ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha. Waonyeshe wao huo uchakavu wameuona wapi. Kwa hiyo aombe nakala ya ripoti ya asesa. Wanaweza kumnyima, lakini ombi likiwa kwenye maandishi linabaki kwenye faili.

Gari Bovu
Mimi pia walinifanyia hivyo hivyo, kioo cha mbele kilipigwa jiwe wakasema sikulipia kioo. Mzee je, kwenye 2(e) yako kioo kimo?

Fundi Koki
Ndugu anazungumzia bomba la maji.

Gari Bovu
Sawa ila kioo je?

Mzee wa Godoro
Karani kaka, ahsante, nimekuelewa ila bado nachemka. Unajua alipojipepea alifumba na macho? Alifumba macho kabisa, kama yuko ufukweni. Sasa niandikieni basi hiyo barua inakuwaje, maana mimi nikianza nitarudi tena kwa asesa.

Karani Mstaafu
Ukurasa mmoja, asesa asitajwe kwa ubaya. Juu weka namba ya polisi, namba ya madai, tarehe ya tukio na tarehe ya barua yao. Alafu mwili wenyewe uwe kama hivi:

"Napinga uamuzi wenu wa kukataa dai langu kwa kutumia Kipengele 4(c). Hasara ilitokana na kupasuka kwa bomba la maji, tukio linalofidiwa na Kipengele 2(e). Kipengele 4(c) kinaondoa gharama ya kitu kilichochakaa chenyewe, na kinaendelea kusema kwamba sharti hilo 'halitahusu hasara nyingine iliyosababishwa na tukio linalofidiwa chini ya Kipengele 2'. Sidai gharama ya bomba. Nadai dari, godoro, televisheni na kabati. Kama bado mnakataa, naomba mnieleze kwa maandishi ni maneno gani ya polisi yanayotoa nje vitu hivyo vinne, na mnipe nakala ya ripoti ya mthamini."

Basi. Hilo la "sidai gharama ya bomba" usilidharau, unaachia kitu kidogo ambacho ungekikosa tu, na ubishi wao wote wa uzee unakosa pa kukaa. Ambatanisha picha, ripoti ya fundi iliyosainiwa inayosema mpasuko ulikuwaje, na bili ya maji ya mwezi ule na wa kabla yake. Bomba lililokuwa linavuja miezi mingi matumizi yake yanapanda kidogo kidogo. Lililopasuka usiku mmoja unaona yametulia alafu yanaruka. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Hiyo yenye muhuri hajipepei nayo mtu. Wakikataa tena, jibu lao la mwisho ndo unapeleka kwa msimamizi wa bima, kule mara nyingi wanauliza kwanza kama rufaa kwa kampuni yenyewe umeimaliza.

Nyumba Tupu
Afadhali nyie mna vipengele. Mimi bomba lilipasuka nimesafiri, wakanionyesha kwamba nyumba ikikaa bila mtu siku 30 mfululizo kinga ya maji inasimama. Nilikaa siku 34. Siku NNE wakuu! Na jirani alikuwa anaingia kumwagilia maua kila wiki.

Wakili wa Mtaa
Jirani akiingia siyo tupu hiyo. Kata rufaa.

Karani Mstaafu
Inategemea polisi yako imeandika "kukaliwa" au imeandika nini. Kumwagilia maua siyo kuishi. Sikuvunji moyo ila hiyo ni ngumu, lete maneno yenyewe.

Nyumba Tupu
Polisi ilikuwa kwenye droo. Droo ilikuwa chini ya bomba.

Fundi Koki
😂😂 Mzee wa Godoro, kuna kitu nimekumbuka. Lile bomba lenye mpasuko unalo? Maana ripoti ya fundi bila bomba watasema ni hadithi.

Mzee wa Godoro
Fundi aliondoka nalo. Ngoja nimpigie.

Kibanda cha Pembeni
Kiti bado nimekikalia.

Gari Bovu
Wakati tunasubiri, hivi kioo cha nyuma na cha mbele ni kitu kimoja kwenye bima?

Mzee wa Godoro
Nimempata. Anasema kile kipande alikikata, nusu kakifanya mpini wa fagio, nusu hajui kiko wapi. Nimemuuliza nusu ipi ina mpasuko, anasema ataangalia fagio jioni.

Dada Mkweli
Jamani kwani mafundi wana nini na vitu vya watu? Wangu aliondoka na koki mpya akaniachia ya zamani, tena akanidai na nauli.

Fundi Koki
Sasa mmeanza kutukana mafundi, na mimi nimewasaidia bure tangu asubuhi.

Nyumba Tupu
Fungua uzi wa mafundi nina ya kusema.