Wakuu, naomba ushauri: dodoso la AUDIT kwa wanywaji wa mbege, Moshi

Mkazi wa Uru: Habari za jioni wakuu. Nataka kutumia AUDIT, dodoso la maswali kumi la kupima unywaji wa pombe wenye madhara, vijijini huku. Wazee hawaelewi "kipimo kimoja cha pombe", wao wanajua chupa na kata. Nikiandika "chupa", alama ya 8 inayoonyesha unywaji wa hatari bado itatumika?

Babu wa Kibosho: Kijana, watu waache pombe tu, dodoso la nini?

Dada Mizani: Haitatumika. Kipimo cha AUDIT ni gramu 10 za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Maswali mengine umeyagusa?

Mkazi wa Uru: Kidogo. La 9, la kuumia kwa sababu ya pombe, na la 10, la kuambiwa upunguze, nimeyafanya ndiyo/hapana, 1 na 0. Yalikuwa yanawachanganya.

Dada Mizani: Hapo ndipo penye jeraha. Maswali hayo yana alama 0, 2 na 4: 0 ni hapana; 2 ni ndiyo, ila si ndani ya mwaka uliopita; 4 ni ndiyo, ndani ya mwaka uliopita. Jumla yako sasa inaishia 34 badala ya 40. Chukua mtu anayekunywa bia tatu kila Jumamosi, na mwaka huu mkewe amemwambia apunguze. Kwa usahihi: swali la 1, mara anazokunywa, alama 2; la 2, kiasi kwa siku, alama 2 (vipimo sita); la 3, mara anazofikisha vipimo sita, alama 3; la 10 alama 4. Jumla 11. Kwako: 2, kisha 1, kisha 0 kwa kuwa hafikishi chupa sita, kisha 1. Jumla 4. Umemwambia yuko salama.

Fundi Takwimu: Si ashushe tu alama ya kukatia iwe 4?

Dada Mizani: Alama ya kukatia hubadilika kwa jamii, hilo kweli, lakini hupatikana kwa kulinganisha na mahojiano ya kitabibu yaliyofanywa na mtu asiyejua alama. Na hapa mpangilio wenyewe wa watu umevurugika.

Mama Huruma: Sisi kwenye PHQ-9, dodoso la sonona, swali la 8 tuliligawa mawili, kutulia sana na kuhangaika. Tunajumlisha yote?

Dada Mizani: Hapana, dada. Chukua kubwa kati ya hizo mbili, jumla ibaki 27.

Mkazi wa Uru: Lakini fomu 60 zimeshajazwa, siwezi kurudi.

Mteta: Mwanzo "nataka kutumia", sasa fomu 60! Hii ni kazi ya darasa, tunafanyishwa mtihani.

Mkazi wa Uru: Si darasa. Niliona aibu kusema. Walitia tiki kwenye visanduku tu.

Dada Mizani: Basi hazirekebishiki. "Chupa 3 au 4" ni vipimo 6 au 8: visanduku viwili tofauti. Na "ndiyo" yako haijulikani ni 2 au 4. Rudi kwa watu hao. Msaili aonyeshe picha ya vyombo, aandike chombo na idadi, nyinyi ofisini ndio mgeuze kuwa vipimo. Kata ijazwe maji, yamiminwe kwenye jagi la kupimia.

Fundi Takwimu: Na ukali wa mbege? Ya leo si ya kesho, na kipima uzito wa kimiminika kitadanganywa na sukari iliyobaki.

Dada Mizani: Kweli, lazima kuikeneka kwanza. Mkikadiria asilimia 4, lita moja ni kama vipimo vitatu. Andikeni kadirio hilo wazi, kisha jaribuni na la asilimia 3 muone wangapi wanavuka 8 kwa sababu ya kadirio tu.

Mkazi wa Uru: Kwa kata ya kuzungushiana je? Kila mmoja ananywa funda.

Babu wa Kibosho: Hapo hata mnywaji mwenyewe hajui.