Kruskal au Prim: kuunganisha miji mitano kwa kebo fupi kabisa

Mwanafunzi_Moro
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha njia mbili. Nina zoezi la kuunganisha Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Dodoma na Iringa kwa kebo ya faiba inayofuata barabara kuu, kwa kilomita chache iwezekanavyo. Umbali nimeukadiria hivi: Dar–Morogoro 190, Dodoma–Iringa 260, Morogoro–Dodoma 260, Morogoro–Iringa 310, Morogoro–Tanga 330 na Dar–Tanga 350. Njia ya Kruskal, ambayo huchukua kipande kifupi kuliko vyote vilivyobaki na kukataa kinachofunga mzunguko, imenipa 780. Njia ya Prim, niliyoianzia Dar, imenipa 1,040. Je, niandike kwamba Kruskal ni bora?

Kipimapembe
Ndiyo. Kruskal hutazama vipande vyote kwa pamoja, ilhali Prim huona tu vile vinavyotoka katika miji iliyokwisha kuunganishwa. Ukiianzia Dodoma badala ya Dar, jumla ya Prim nayo itashuka.

Mzee wa Mitaro
Kipimapembe, umeeleza vyema kila njia inavyotazama ramani, ila hitimisho lako silikubali. Prim ianzie mji wowote, jumla haibadiliki; kinachoweza kubadilika ni vipande vitakavyochaguliwa pale urefu unapolingana. Njia hizi mbili zikitoa jumla tofauti, mojawapo imekosewa.

Mwanafunzi, hesabu vipande kabla ya kuhesabu kilomita. Miji mitano huunganishwa kwa vipande vinne, na hiyo 780 yako ni 190, 260 na 330, yaani vitatu tu. Nahisi programu yako hukataa kipande kila inapokuta miji yake yote miwili imekwisha kuguswa. Ilichukua Dar–Morogoro, kisha Dodoma–Iringa, na ilipofika Morogoro–Dodoma ikaona miji yote miwili imeguswa, ikakikataa, ingawa hapakuwa na mzunguko wowote: yalikuwa makundi mawili yaliyokuwa yakisubiri kuunganishwa. Swali la kuuliza ni kama miji hiyo iko katika kundi moja:

```python
if kundi(a) != kundi(b):
    unganisha(a, b)
```

Mwanafunzi_Moro
Ni kweli, Mzee, nilikuwa na orodha moja tu ya miji iliyoguswa. Nimerekebisha, na sasa zote mbili zinatoa 1,040.

Bi Iringa
Samahani, mbona mpango huu unapeleka mawasiliano ya Iringa hadi Dar kwa kuzungukia Dodoma? Hiyo ni kilomita 710, na kwa barabara ya Mikumi ni 500 tu. Ofisini kwetu tusingekubali.

Mzee wa Mitaro
Bi Iringa, hilo ni swali jingine. Hapa tunapunguza kebo yote kwa jumla, wala hatutafuti njia fupi ya kila mji kwenda Dar. Ukitaka Iringa iunganishwe moja kwa moja na Morogoro, unaacha kipande cha 260 na kulaza cha 310, nawe unalipia kilomita 50 zaidi.

Dereva wa Segera
Mimi si mtu wa hesabu, lakini barabara hiyo naijua. Gari likitoka Morogoro kwenda Tanga hupita Chalinze, na likitoka Morogoro kwenda Dar hupita Chalinze vilevile. Kwa nini mchimbe mtaro mara mbili kati ya Morogoro na Chalinze?

Mzee wa Mitaro
Dereva ametuumbua sote, nami nikiwemo. Tukiiweka Chalinze katika orodha, kwa makadirio yangu tunapata Chalinze–Morogoro 85, Dar–Chalinze 105 na Chalinze–Tanga 245, kisha zile 260 mbili. Jumla ni 955, pungufu kwa 85, ambazo ndizo kilomita zilizokuwa zikilazwa mara mbili. Kruskal na Prim zote hazikuweza kuliona hilo, kwa sababu huchagua miongoni mwa vipande walivyopewa tu, na njia panda haikuwa katika orodha.

Kipimapembe
Basi tuweke kila njia panda na kila mji ulio njiani, algoriti ijichagulie.

Mzee wa Mitaro
Haijichagulii. Ukiiweka Korogwe, italazimika kuiunganisha hata kama hakuna aliyeihitaji, na utapata tawi linaloishia huko bure. Tawi la namna hiyo unaweza kulikata baadaye, lakini kuamua ni njia panda zipi ziingie ni tatizo gumu zaidi. Zikiwa tatu au nne unajaribu michanganyiko yote, zikiwa mia huwezi.

Bi Iringa
Na mtaro ukikatwa kati ya Morogoro na Dodoma, Dodoma na Iringa zote zinazimika. Mimi bado ningelaza ile 310 pia.

Mwanafunzi_Moro
Zoezi linasema kebo fupi kabisa, Bi, ila halisemi kama naruhusiwa kuiongeza Chalinze. Nitawasilisha 1,040 na 955 pamoja, nione mwalimu atachagua ipi.