Naomba ushauri: marafiki zake wananijua, kwao Siaya sijulikani

Hamjambo ndugu na dada. Naombeni mnisaidie kufikiri.

Mimi na mpenzi wangu tuko Kisumu, mwaka wa pili sasa. Wenzake wa kazini wananijua vizuri, hata Dunga tunaenda nao kula samaki. Lakini kwao Siaya hakuna anayejua kama nipo. Mama yake akipiga simu, anatoka hadi kwenye ngazi na kuvuta mlango nyuma yake. Picha zetu anaziweka kwenye statasi ya WhatsApp, ila jamaa zake wote amewazuia wasizione.

Angekuwa msiri kwa tabia, angenificha kwa kila mtu. Kunificha upande mmoja tu ndiko kunanitia hofu kwamba huenda kuna mke aliyekwisha kumtolea ayie, ile hatua ya kwanza ya mahari ya Kiluo. Nimemwuliza, akasema hana mke, ila kaka yake mkubwa hajaoa na yeye hawezi kumtangulia. Nikimwuliza basi mama anijue tu, hata bila mahari, ananyamaza.

Nimefikiria kuangalia kwa Msajili wa Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, lakini wengi hawasajili, kwa hiyo jina lake lisipopatikana bado sitakuwa na uhakika.

Kwa mnaojua mila za Waluo: je, zamu ya kaka mkubwa inazuia hata kumtambulisha mchumba, au ni kuoa tu? Na kijijini nimwulize nani, mzee wa kijiji au chifu, bila kuzua fitina?