Naomba ushauri: grafu ya ngazi inakatika kwenye badiliko la mwisho la riba

Wanajamvi, naomba ushauri. Ninachora kwa Matplotlib ya Python riba ya mkopo iliyoanza kwa asilimia 9 Januari 1, ikapanda hadi 10 Machi 15, kisha ikashuka hadi 8 Agosti 1. Mstari wa kawaida ulipanda kwa mshazari, kana kwamba katikati ya Februari riba ilikuwa 9.6, kiwango ambacho hakikuwapo kamwe. Kwa `plt.step` ngazi zilitokea, lakini 10 ilianzia Januari, hadi nilipoongeza `where='post'`. Sasa mstari unakoma Agosti 1, na ile 8 inayotumika hadi leo inaonekana kama ncha tu. Je, ni sahihi kuirudia kwenye tarehe ya leo bila nukta, ili msomaji asidhani kuna badiliko jipya?