Naombeni ushauri: niweke nini pembeni ya mchuzi wa pilipili kwa wageni wasioizoea?

Kijana wa Chumbageni
Wakuu habari za jioni. Jumamosi mchana nina wageni, ukijumlisha na sisi tunafika watu 8 hivi, ni watu wa kazini tu, na wengi wao pilipili wanaijua ile ya kwenye chupa mezani. Mimi napika mchuzi wa mbuzi wa bibi yangu, mbuzi kilo 2 na nusu kwa pilipili mbuzi 12 zilizosagwa zote, na hilo halibadiliki naombeni tusilijadili. Ninachouliza ni pembeni niweke nini na wanywe nini ili mtu akiwaka apate pa kukimbilia. Wali mweupe upo, kachumbari nimepanga, na soda ya tangawizi kreti zima nimeshanunua iko kwenye friji. Nini tena?

Mzee wa Tungi
Paki gari la zimamoto getini.

Baba Swaumu
12?? Kwa kilo 2 na nusu? Mkuu hao wageni wamekukosea nini. Kwetu tunatumbukiza moja nzima bila kuipasua, mchuzi ukishiba harufu unaitoa na kijiko, kila mtu anafurahi. Punguza.

Kijana wa Chumbageni
Baba Swaumu nimesema hilo tusilijadili. Halafu rojo nimeshalikaanga jana, vitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili zote humo, limebaki kutia nyama tu. Siwezi kumwaga.

Fundi Majokofu
Mkuu kama friji halipozi vizuri angalia kwanza mpira wa mlango, weka karatasi ufunge mlango, ukiivuta ikatoka kirahisi ujue hewa inapita. Halafu usijaze soda kreti zima kwa mkupuo.

Mzee wa Tungi
Fundi soma swali babaangu 😂

Dogo Ndimu
Dawa ni ndimu. Asidi inakata pilipili, kila mtu mpe kipande cha ndimu pembeni ya sahani na maji ya baridi sana ya barafu. Kwenye hoteli za Forodhani unaona wenyewe wanakamulia ndimu kila kitu.

Bi Raskazone
Dogo Ndimu ndimu inaleta ladha lakini moto hauzimi, na mdomo ukishaungua ile chachu inawasha zaidi. Maji nayo ni faraja ya muda ule ule yako mdomoni, ukimeza tu moto unarudi, kwa sababu ukali wa pilipili hauchanganyiki na maji, unakwenda na mafuta. Mimi nimepikia shughuli miaka mingi hapa Tanga, mtu akiwaka simpi maji, nampa mtindi. Kwenye maziwa kuna ile protini yake inaukamata ukali na kuuondoa kwenye ulimi, na ndio maana hata maziwa yasiyo na mafuta yanasaidia.

Sasa wewe mwanangu fanya hivi. Tango moja kubwa likwaruze, litie chumvi kijiko kidogo kimoja, liache robo saa kisha likamue kwa mkono hasa mpaka maji yaishe. Watu wanaruka hapo, bakuli linageuka maji baada ya dakika kumi mezani. Changanya na mtindi mzito nusu lita, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, basi. Sukari usitie. Kaa nalo kwenye friji mpaka watu wanakaa. Na hiyo soda ya tangawizi iondoe mezani wakati wa kula. Gesi yenyewe inachoma ulimi ulioshawaka, halafu na tangawizi ni moto juu ya moto.

Kijana wa Chumbageni
Asante mama yangu shikamoo. Ila mtindi hapana. Na soda nimeshanunua, ni kreti zima jamani, na kila mtu anapenda tangawizi.

Bi Raskazone
Marahaba. Mtindi hapana kwa nini?

Kijana wa Chumbageni
Basi tu, sio watu wa mtindi. Hakuna kitu kingine?

Shangazi Kauzu
Kijana unaulizwa swali unakwepa. Watu wanakusaidia bure. Kuna nini kwenye mtindi? Na mimi nikueleze, kumwalika mtu kwako halafu kumpikia kitu unachojua kitamtoa machozi huo sio ukarimu, ni kujionyesha. Chakula cha mgeni kinapikwa kwa mdomo wa mgeni. Wanaume wa siku hizi mkijua kupika kitu kimoja basi dunia nzima lazima iwapigie makofi.

Mpemba wa Kariakoo
Mnanikumbusha harusi ya binamu yangu, walileta achari ya embe mbichi, mgeni mmoja wa bara akadhani ni saladi akachota kijiko kikubwa kama cha wali, hakusema kitu, akasimama akatoka nje akaenda kusimama chini ya mwembe. Tumemkuta ametoa ulimi anaupepea na kofia. Watoto wakamletea ndizi mbivu mbili akazila zote na maganda nusu, ndizo zilizomrudisha. Toka siku hiyo kwetu ndizi mbivu hazikosi.

Kijana wa Chumbageni
Haya sawa. Kuna mzee mmoja maziwa hayamkubali, akinywa hata ya chai tumbo linajaa gesi linavuruga siku nzima. Na ndiye mgeni mwenyewe hasa. Ndio maana mtindi sitaki.

Baba Swaumu
Mzee gani wa kazini unajua habari za tumbo lake mpaka chai 🤔

Kijana wa Chumbageni
Baba wa mchumba wangu. Wanatoka Moshi, yeye na mama na shangazi wawili, wanakuja kuona nyumbani. Kwa kweli sikutaka kuandika kwa sababu najua humu mtaacha swali mtaingia kwenye mahari.

Shangazi Kauzu
Mahari umetoa?

Kijana wa Chumbageni
Mnaona sasa.

Mangi wa Machame
Halafu kwanini mnafikiri watu wa Moshi hawali pilipili, mimi ni wa Machame kabisa na nakula kuliko huyo bibi yako. Tatizo sio Moshi, ni mzee mwenyewe. Umewahi kumwona anakula pilipili? Kama hujui, unacheza kamari na mkwe.

Bi Raskazone
Sasa ndio umenipa swali. Mtindi una ile sukari ya maziwa kidogo kuliko maziwa mabichi, wengine wanaovurugwa na chai ya maziwa mtindi wanakula salama, lakini kwa mkwe, siku ya kwanza, usijaribu. Wawekee wengine lile bakuli la tango, yeye mjengee njia nyingine kwa mafuta na utamu. Hivyo viwili navyo vinasaidia, sio kama maziwa, ila vinasaidia.

Cha kwanza juisi ya parachichi. Parachichi ni mafuta matupu na halina maziwa ndani. Chukua makubwa manne yaliyoiva, maji baridi lita 1 na nusu, sukari usiogope, weka mpaka iwe tamu wazi, na ndimu moja tu isiwe nyeusi. Iwe nzito ya kuteremka pole pole, ikiwa nyepesi kama maji haikusaidii. Hiyo ndiyo iwe kwenye glasi zao tangu wanakaa, kabla ya kijiko cha kwanza cha mchuzi. Usisubiri mtu alie ndio ulete.

Cha pili ndizi mbivu za nazi. Ndizi 8 zilizoiva lakini ngumu, zipikwe kwa tui jepesi na iliki, sukari kidogo, tui zito lije mwisho kabisa na moto mdogo. Likichemka kwa nguvu linakatika, utaona mafuta yanaelea na maji chini, linakuwa baya kwa macho. Weka sufuria hiyo mezani pamoja na wali, sio kama kitindamlo. Mtu anachota mchuzi kidogo, ndizi moja, wali. Mpemba kasema kweli bila kujua.

Mpemba wa Kariakoo
Bila kujua vipi shangazi, mimi nilikuwepo 😅

Dogo Ndimu
Na madafu? Si nazi pia.

Bi Raskazone
Dafu ni tamu na baridi, lakini ni maji, mafuta yako kwenye nazi iliyokomaa. Wape kama unayo, usiitegemee.

Na kachumbari isiwe na pilipili jamani, wala ndimu nyingi. Nimeona watu wanapika mchuzi mkali halafu wanatia pilipili nyingine kwenye kachumbari kwa mazoea.

Daktari wa Nyuzi
Samahani wakuu nina swali la pembeni. Huyu jamaa mwanzo ni watu wa kazini, sasa ni wakwe wa Moshi. Mwezi jana kwenye uzi wa bajaji alisema yuko Dodoma na hana mtu. Rojo la pilipili 12 kalikaanga jana, mgeni Jumamosi, leo Jumatano. Hivi kweli kuna mtu anapika rojo siku nne kabla? Mimi naona mnamlisha mtu maudhui.

Mzee wa Tungi
Hapo sasa 🍿

Kijana wa Chumbageni
Daktari uzi wa bajaji nilimuulizia kaka yangu. Na rojo liko kwenye friza, kama hujui watu wanagandisha rojo ni shida yako. Sihitaji kukuthibitishia kitu.

Shangazi Kauzu
Mimi sijaamini tangu kwenye "watu wa kazini". Ila ndizi za nazi nitazipika mimi mwenyewe Jumapili.

Daktari wa Nyuzi
Weka picha ya rojo.

Kijana wa Chumbageni
Sio mtihani huu.

Bi Raskazone
Kama ni kweli au uongo parachichi halijali. Kijana nisikilize jambo moja la mchuzi wenyewe nisikukere. Ukali unakaa kwenye mafuta. Pika nyama Ijumaa jioni, acha ipoe, iweke kwenye friji usiku. Asubuhi mafuta ya mbuzi yatakuwa yameganda juu, mekundu. Yabandue uyaweke kwenye bakuli dogo na kijiko. Mchuzi ladha ya bibi imebaki, ukali umepungua kiasi, haujaisha, pilipili iliyosagwa bado imo. Anayetaka moto wote anajirudishia mwenyewe. Hapo hujabadilisha kipimo cha bibi hata kimoja.

Halafu mtafute jirani asiyekula pilipili, mpe kijiko kimoja na wali, msubiri dakika mbili usimuulize papo hapo. Pilipili mbuzi inachelewa kupanda. Ukionja wewe hujaonja kitu, ulimi wako umeshazoea.

Kijana wa Chumbageni
Hilo la mafuta naliona sawa maana kipimo hakijaguswa. Bibi mwenyewe alikuwa haondoi mafuta lakini naweza kumwambia mama ni ya kupunguza lehemu. Soda je?

Bi Raskazone
Soda wape baada ya kunawa, wakiwa wanaongea.

Mangi wa Machame
Na mama wa mchumba anatumia maziwa? Umesema mzee tu. Usije ukapika tango la mtindi akala kwa adabu.

Kijana wa Chumbageni
Mama anakunywa, nimemwona. Mashangazi sijui. Na je chapati za samli mzee anaweza? Nilikuwa nataka kuongeza chapati badala ya wali mtupu.

Bi Raskazone
Samli iliyochujwa vizuri maziwa yake yamebaki kidogo mno, wengi haiwasumbui, lakini mpigie mchumba wako umuulize, ni simu ya dakika moja. Akikwambia hapana kaanga kwa mafuta ya kawaida, chapati haijali.

Daktari wa Nyuzi
Mchumba yupi sasa, wa Moshi au yule hana mtu wa Dodoma

Fundi Majokofu
Hilo rojo kwenye friza limewekwa kwenye chombo cha plastiki au sufuria?